Bweni au Kutwa kwa Watoto wa Mlima Meru

Mzazi akaaye mlimani Meru, mtoto wake apatapo nafasi ya Kidato cha Kwanza, hupima kwanza gharama. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, Kidato cha Kwanza hata cha Nne: ile ya kutwa iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na ile ya bweni iliyokuwa 70,000. Lakini bweni bado lataka godoro, sanduku, sabuni na nauli za likizo. Na kutwa yala viatu, kwani njia za mlima ni za mawe.

Sisi twaona hesabu ya saa ni nzito kuliko ya fedha. Tuseme binti hushuka shuleni kwa mwendo wa saa moja, na kupanda jioni kwa saa moja na nusu. Kwa siku tano ni saa 12 na nusu. Afikapo nyumbani, ng'ombe wa zizini wangoja majani, na maji hayajatekwa. Afunguapo daftari, usingizi umemshika. Mwenzake wa bweni wakati huo yu darasani, taa yawaka. Ila hamwoni mama yake hata likizo, nalo si jambo dogo kwa mtoto wa miaka 14.

Wazazi wengine hupanga chumba karibu na shule, mtoto akae peke yake. Hilo hatulipendi hata kidogo, kwani hana mlezi wa bweni wala jicho la mzazi. Heri akae kwa shangazi aliye karibu, ama nyumbani apunguziwe kazi za jioni, na majani ya ng'ombe yakatwe na mwingine.