Futsal Sio Boli ya Kawaida Iliyopunguzwa: Vile Faulo ya Sita Ilitulia Mechi

Kama wewe ni wale wasee hukodi uwanja wa nyasi bandia Jumapili jioni, watano kwa watano, mpira ukigonga wavu wa pembeni mnaendelea tu, pengine unajiambia unajua futsal. Hata mimi nilikuwa hapo. Halafu mbogi yetu ikapata mechi ya ukweli ndani ya holi, marefa wawili, saa inahesabiwa. Tulilimwa 4-2, na mabao mawili ya mwisho yalikuja kwa njia ambayo kwa boli ya watu 11 haiko kabisa.

Wacha nianze na mpira, juu ndio ulitushangaza kwanza. Mpira wa futsal ni saizi 4, mzunguko wa sentimita 62 hadi 64, lakini uzito wake unakaribiana na ule wa kawaida, gramu 400 hadi 440. Haudundi sana. Ukiuangusha kutoka mita 2, unafaa kuruka sentimita 50 hadi 65 peke yake. Kwa hivyo ile mipira mirefu ya kubahatisha haikusaidii. Mpira unakaa chini, na uwanja wenyewe ni mita 40 kwa 20 hivi, so kila ukipokea pasi kuna msee tayari ako kwa mgongo yako.

Na hakuna ukuta wa kurudisha mpira. Ukitoka pembeni, umetoka. Hurushi kwa mikono, unauweka juu ya laini, utulie, halafu unapiga kwa mguu. Ukishakuwa tayari kupiga una sekunde 4 tu. Beshte yangu alikuwa anasubiri watu wajipange vile hufanya kwa uwanja mkubwa, refa akahesabu kwa vidole, mpira ukapewa wale wengine. Baadaye akajaribu kufunga moja kwa moja kutoka hapo. Mpira uliingia, bao likakataliwa, kipa wao akaanzisha. Lazima mtu mwingine auguse kwanza.

Sasa tuingie kwa ile kitu ilituua. Kwa futsal, kila faulo ya mkwaju wa moja kwa moja inaandikwa kwa hesabu ya timu nzima, sio ya mchezaji peke yake. Zile tano za kwanza ni kama kawaida, mnaweka ukuta, maisha inasonga. Kuanzia ya sita, hakuna ukuta tena. Wapinzani wanapiga kutoka alama ya mita 10, kipa wako peke yake mbele yao, wengine wote nyuma ya mpira. Faulo ikiwa imetokea karibu zaidi na goli lako, wanaweza chagua kupigia hapo hapo.

Kipindi cha pili tulikuwa 2-2. Kufika dakika ya tisa tulikuwa tushaokota faulo tano: kuvuta jezi, kusukuma, kuchelewa kidogo kwa takol. Hakuna hata moja ilikuwa mbaya. Halafu straika wetu akamsukuma difenda wao huko mbali, karibu na goli lao. Kwa boli ya 11 hiyo ni faulo ya bure, mpira uko mbali, unarudi zako. Hapa ilikuwa ya sita. Mita 10, bao, 3-2. Dakika chache baadaye tukafanya ya saba, na hesabu huwa haianzi upya mpaka nusu iishe. Mita 10 tena, 4-2.

Lakini ukiuliza faulo zilitoka wapi, jibu ni miguu. Tulikuwa na masabu wanne wamekaa benchi, na tukawatumia vile hutumika kwa uwanja mkubwa: unangoja mtu achoke kabisa ndio umtoe. Kwa futsal mabadiliko hayana idadi, na mpira hauhitaji kusimama. Unatoka, unaingia, unapumzika, unarudi. Wenzetu walikuwa wanabadilishana kila dakika chache. Sisi tulikuwa tushachoka, na msee amechoka hafiki kwa mpira, anafika kwa mguu ya mtu.

Ila kubadilishana pia kuna sheria. Anayetoka lazima atoke kwanza, na wote mpitie ile sehemu imechorwa mbele ya benchi yenu. Ukiingia kabla mwenzako atoke, ni kadi ya njano.

Tukirudi holi, tumekubaliana mambo mawili. Mtu anatoka akiwa bado na pumzi. Na mmoja wetu kwa benchi kazi yake ni kuhesabu faulo kwa sauti. Akiita "nne!", hakuna kuvuta jezi ya mtu tena, hata kama ako mbali na goli letu.