Hesabu ya Watu Waliohudhuria: Mwongozo kwa Kamati za Matamasha na Wadhamini Wao

Mwenye duka, mwoka mikate au msindikaji wa maziwa anapotoa fedha kudhamini tamasha la kata, ananunua huduma. Anacholipia ni nafasi ya kuonekana mbele ya watu. Yeye ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote, na idadi ya waliohudhuria inayoandikwa katika taarifa ya kamati ndiyo mizani ya bidhaa aliyouziwa. Mizani hiyo ikichezewa, hasara humfika yeye.

Tuchukue mfano. Kamati ya tamasha la siku tatu, lisilo na kiingilio, iliwaandikia wadhamini kwamba tamasha lilihudhuriwa na "watu zaidi ya 5,000". Idadi hiyo ilitoka kinywani mwa mshereheshaji jukwaani. Mwaka uliofuata, mama mmoja msindikaji aliiamini taarifa hiyo akaandaa pakiti 4,000 za maziwa ya mgando za kuonjesha. Zilizochukuliwa ni 1,200. Zilizosalia zilichacha, na gharama ikabaki kwake. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Kilichokosekana ni hesabu.

Kuingia mlangoni si idadi ya watu

Baada ya malalamiko yake, kamati iliamua kuhesabu. Iliacha mlango mmoja tu wa wageni na kumweka hapo kijana mwenye kifaa kidogo cha kuhesabia, kile kinachobonyezwa kwa kidole. Siku ya kwanza kifaa kilisoma 720, ya pili 910 na ya tatu 1,130. Jumla ni 2,760.

Wajumbe wengine walitaka kuandika kwamba wamehudhuria watu 2,760. Lakini kifaa huhesabu miili inayopita, wala hakijui ni nani anayepita. Wanamuziki, wauza chakula na wanakamati, waliovaa kadi shingoni, walipita hapo hapo mara 110 kila siku. Hao si wageni ambao mdhamini alilipia kuwafikia. Ukiondoa mapito yao 330, unabaki na 2,430.

Hata hiyo 2,430 ni idadi ya mara ambazo wageni waliingia. Aliyetoka kuswali kisha akarudi amehesabiwa mara mbili, na aliyekuja siku zote tatu amehesabiwa mara tatu au zaidi. Ili kupata idadi ya watu, kamati ilimweka msaidizi wa pili mlangoni amwulize kila mgeni wa kumi swali moja: "Je, hii ni mara yako ya kwanza kuingia katika tamasha hili?" Kila mtu huingia kwa mara ya kwanza mara moja tu, kwa hiyo ukihesabu waliojibu "ndiyo", umehesabu watu.

Katika siku tatu waliulizwa wageni 61, 80 na 102. Waliojibu "ndiyo" walikuwa 52, 46 na 52, yaani 150 kati ya 243. Kwa kuwa kila aliyeulizwa aliwakilisha kumi, idadi ya watu ni kama 1,500. Makadirio ya namna hii yana mwanya wake: kwa sampuli ya ukubwa huu, idadi ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 1,350 na 1,650. Taarifa ya kweli hutaja mwanya huo. Sharti moja ni kwamba msaidizi asichague nyuso zinazompendeza. Wa kumi ni wa kumi, awe mzee mwenye haraka au mtoto. Msaidizi akiwaacha wenye haraka, hesabu imepinda.

Idadi ipi ina maana kwa mdhamini

Idadi zote mbili ni za kweli, ila kila moja hujibu swali lake. Mwuza maji hujali mara ambazo watu waliingia, kwa sababu mtu huona kiu kila siku. Anayetaka jina la duka lake lijulikane hujali watu 1,500. Msindikaji wetu wa maziwa anahitaji idadi ya tatu, nayo ni wangapi walifika kwenye meza yake; hiyo hupatikana kwa kuhesabu pakiti zilizotoka, siyo mlangoni. Kamati imwulize mdhamini kabla ya tamasha anataka kujua nini, kisha ihesabu hicho.

Ziko idadi zisizofaa kuitwa mahudhurio: tiketi zilizochapishwa, kadi za mwaliko zilizogawiwa, na waliotazama picha za tamasha kwenye simu. Kama zinatajwa, zitajwe peke yake kwa jina lake, wala zisijumlishwe na watu waliofika. Kwa shughuli yenye kiingilio, ushahidi ni vipande vya tiketi vilivyokatwa mlangoni, kwa kuwa si kila anayenunua tiketi hufika.

Namna ya kutambua idadi iliyovimbishwa

Mdhamini anaweza kuipima idadi kwa ukubwa wa uwanja. Katika miaka ya 1960, Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieneza njia ya kukadiria umati kwa kugawa eneo katika miraba. Katika umati uliokaa kwa nafasi, mtu mmoja huchukua karibu mita moja ya mraba. Uliobanana, kiasi cha mita 0.4 za mraba.

Eneo la mbele ya jukwaa katika mfano wetu lilikuwa mita 30 kwa 20, yaani mita 600 za mraba. Kwa nafasi, hutosha watu kama 600 kwa wakati mmoja. Wakibanana, kama 1,500. Watu 5,000 wangelazimika kusimama zaidi ya wanane katika kila mita moja ya mraba, hali ambayo hata kuinua mkono kungekuwa shida. Kumbuka kwamba njia hii hupima umati wa saa moja tu, wala haisemi wangapi walipita siku nzima.

Mwaka jana tulisema 5,000: tufanyeje?

Hapa ndipo kamati nyingi hushindwa. Wanaogopa kwamba 1,500 itaonekana kama tamasha limeporomoka, na mdhamini atahama. Njia ya haki ni kusahihisha kwa maandishi, kwa maneno kama haya:

"Idadi ya 5,000 tuliyoitaja mwaka jana ilikuwa kauli ya jukwaani, haikuhesabiwa. Tunaiondoa. Mwaka huu tumehesabu mlangoni: wageni waliingia mara 2,430, na tunakadiria watu 1,500 (kati ya 1,350 na 1,650). Idadi za miaka hii miwili zisilinganishwe."

Huenda mdhamini akapunguza fedha. Aliyetoa shilingi 3,000,000 alidhani analipa shilingi 600 kwa kila mtu. Sasa anaona ni 2,000. Ana haki ya kujua hivyo kabla ya kutoa tena. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Kwa mdhamini: maswali matatu kabla ya kulipa

1. Idadi hii ni ya watu, au ya mara walizoingia?
2. Nani alihesabu, kwa njia gani, na karatasi za kila siku ziko wapi?
3. Je, wafanyakazi na wasanii wameondolewa?

Ukikosa jibu la swali la pili, ichukulie idadi hiyo kuwa kauli ya jukwaani, na uandae bidhaa zako kwa uangalifu huo.