Korongo wa Senti 20: Kusoma Meno ya Stempu kwa Picha ya Simu

Msomaji mmoja wa Nadapal, Turkana, amenitumia picha ya stempu iliyobaki kwenye kipande cha bahasha kuukuu. Ina korongo mwenye taji, uso wa mfalme asiye na ndevu, maneno Kenya, Uganda na Tanganyika, na thamani ya senti 20, yote kwa rangi nyeusi na ya chungwa. Anataka kujua ni ya mwaka gani na ilichapwa kwa njia gani. Picha nzuri ya karibu inaweza kujibu maswali yote mawili, mradi tujue kila jibu linatoka sehemu gani ya picha.

Tuanze na uso wa mfalme, maana ndio unaopunguza miaka haraka zaidi. Nchi hizi tatu zilianza kutumia stempu za pamoja zenye majina yote matatu mwaka 1935. Korongo wa kwanza wa senti 20 alitoka mwaka huo akiwa na George wa Tano, mzee mwenye ndevu. Mwaka 1938 mchoro uleule ulirudi, safari hii na mwanawe, George wa Sita, aliyenyoa. Toleo hilo la pili liliendelea kuchapwa mpaka lilipopisha stempu za Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kwa hiyo stempu ya Nadapal ni ya kati ya 1938 na 1954. Miaka kumi na sita ni mingi, na mchoro wenyewe hauwezi kutufikisha mbali zaidi ya hapo.

Kabla ya kuipunguza, tutazame wino. Kuza picha mpaka manyoya ya korongo yajaze kioo cha simu. Utaona kwamba kivuli chote kimetengenezwa kwa mistari. Penye giza mistari ni minene na imesongamana, penye mwanga ni myembamba na imeachana, wala hakuna nukta. Hiyo ni chapa ya mchongo: fundi huchonga mchoro ndani ya chuma, wino hujazwa kwenye michirizi, uso wa chuma hufutwa, kisha karatasi hukandamizwa kwa nguvu hadi inyonye wino kutoka ndani ya michirizi hiyo. Wino hubaki umeinuka kidogo juu ya karatasi, na ukiupapasa kwa ncha ya kidole utausikia. Kwenye picha, jambo hilo huonekana ukiweka taa upande mmoja, chini, karibu na usawa wa meza, kwa sababu kila mstari hutupa kivuli chake chembamba. Taa ya simu inayopiga kutoka juu huua kivuli hicho, na ndiyo maana mimi huomba picha ya pili iliyopigwa kando ya dirisha asubuhi au jioni.

Mbinu nyingine zina dalili zake. Katika toleo lile la 1935, simba wa senti 10 hakuchapwa kwa mchongo kama korongo. Alichapwa kwa herufi zilizoinuka, mtindo wa magazeti ya zamani. Hapo wino husukumwa na kukimbilia kingoni, kwa hiyo kila mstari una ukingo mweusi zaidi ya katikati yake, na mara nyingi mgongo wa stempu una alama za msukumo. Mbinu ya tatu, fotogravua, iliingia kwenye stempu zetu za kawaida tarehe 1 Oktoba 1960. Kampuni ya Harrison ilichapa thamani za senti kwa njia hiyo, huku De La Rue ikiendelea kuchonga zile za shilingi. Katika fotogravua mchoro wote umevunjwa kuwa vijitundu vidogo mno vilivyopangwa kama wavu, na hata kingo za herufi huwa na meno kama msumeno.

Kwa watu wa Lodwar tofauti hii ina uzito wake. Jomo Kenyatta alihamishiwa hapo kutoka Lokitaung mwaka 1959 na akakaa mpaka 1961. Barua ya kawaida iliyotumwa kutoka Lodwar mwanzoni mwa kipindi hicho ingebeba stempu ya Malkia iliyochongwa kwa mistari. Barua ya mwisho wake ingeweza kubeba senti zenye wavu wa nukta. Mtu akikuonyesha bahasha yenye stempu ya nukta na kusema ni ya 1959, mwulize aliipata wapi.

Simu nazo hudanganya hapa. Nyingi hunoa picha zenyewe ili zipendeze, na mistari myembamba ikinolewa hukatika ikaonekana kama nukta. Dalili ya udanganyifu huo ni kwamba nukta za uongo hufuata mstari, kumbe nukta za fotogravua hufuata wavu na hupita popote, hata kwenye eneo la rangi tupu lisilo na mchoro. Tafuta kwanza sehemu hiyo ya rangi tupu. Kama nukta zipo hata hapo, ni fotogravua.

Sasa meno, na hapa ndipo korongo wetu anapovutia. Kipimo cha meno ni idadi ya vitobo ndani ya sentimita mbili. Tarakimu moja ikitajwa, basi pande zote ni sawa. Zikitajwa mbili, ya kwanza ni ya juu na chini, ya pili ni ya ubavuni. Korongo wa senti 20 wa George wa Sita ana meno ya aina tatu. Ya 1938 ni 13¼ pande zote. Mwaka 1941 yakaja ya 14. Mwaka 1942 yakaja ya 13¼ kwa 13¾, na hayo ndiyo yaliyoendelea.

Sababu ya badiliko la 1941 ni vita. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani zilishambulia London kwa mabomu ya moto, na kiwanda cha Bunhill Row cha De La Rue, waliochapa korongo huyu, kikaharibiwa. Kazi ya kutoboa ikabidi ifanywe kwa mashine nyingine, zenye nafasi tofauti kati ya sindano, na ndipo likatokea toleo la 14 lililodumu muda mfupi. Uhaba wa wakati huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1941 na 1942 posta zetu zilitumia stempu za Afrika Kusini zilizogongwa majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda juu yake. Mojawapo ilikuwa ya peni sita yenye mti wa mchungwa, iliyogeuzwa kuwa ya senti 20. Kwa hiyo ukipata korongo mwenye meno ya 14, unashika karatasi iliyotobolewa baada ya usiku ule. Ndiyo maana toleo hilo hutafutwa, na ndiyo maana pia watu hulidai haraka mno.

Tofauti ni ndogo sana kwa jicho. Vitobo kumi na kimoja, yaani nafasi kumi kutoka katikati ya kitobo hadi katikati ya kingine, huchukua milimita 15.1 kwa kipimo cha 13¼, milimita 14.5 kwa 13¾, na milimita 14.3 kwa 14. Hakuna anayeona nusu milimita kwa kukisia, lakini picha iliyokuzwa huiona, kama rula imelala kando ya stempu, kwenye usawa uleule. Rula ikiwekwa juu ya kitabu na stempu ikawa mezani, kipimo kimeharibika tayari.

Picha ya kwanza ya Nadapal haikuwa na rula. Nilipohesabu, nafasi kumi za juu zilichukua urefu fulani, na nafasi kumi za ubavuni zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 4. Ningeweza kutangaza papo hapo kuwa ni 13¼ kwa 13¾, kwa kuwa tofauti ya vipimo hivyo viwili ni karibu asilimia 4 kabisa. Hata bila rula, uwiano wa pande mbili hubaki uleule. Tatizo ni mkono wa mpiga picha. Simu ikiinama nyuzi 15 tu, upande mmoja wa picha hufupika kwa zaidi ya asilimia 3, na stempu ya 13¼ pande zote hujifanya ya vipimo viwili.

Dawa yake ni rahisi. Piga picha, kisha zungusha stempu robo duara bila kubadili mkao wako, upige tena. Kama meno yaliyobanana ni ya stempu, yatahama pamoja nayo. Kama ubanano umebaki upande uleule wa simu, ni mwinamo. Pia simama mbali kidogo, sentimita 30 hivi, kisha ukate picha baadaye, kuliko kuisogeza lenzi mpaka ikaribie kugusa karatasi, kwa sababu lenzi iliyo karibu mno hupinda kingo.

Msomaji alifanya hivyo, akaongeza rula. Kwenye picha mpya, milimita 20 za rula zilikuwa pikseli 800, yaani pikseli 40 kwa milimita. Nafasi kumi za juu zilikuwa pikseli 604, sawa na milimita 15.1. Gawanya 200 kwa 15.1, unapata 13.25. Nafasi kumi za ubavuni zilikuwa pikseli 582, sawa na milimita 14.55, na 200 ikigawanywa kwa hiyo ni 13.75. Stempu ilipozungushwa, ubanano ulihama nayo. Hivyo ni toleo lililoanza 1942, na miaka yetu kumi na sita imebaki kumi na miwili.

Meno hayatusogezi zaidi ya hapo, wala rangi. Chungwa la picha hutegemea taa, na la stempu yenyewe hutegemea ilivyokaa juani. Alama ya maji iliyo ndani ya karatasi haisaidii pia, kwa sababu ni ileile katika matoleo yote matatu. Kilichobaki ni muhuri wa posta. Kwenye kipande hiki zimebaki herufi LO na ukingo wa herufi ya tatu. Posta za Kenya zinazoanza hivyo ni pamoja na Lodwar, Lokitaung na Londiani, na hatuwezi kuchagua kwa sababu tu bahasha imepatikana Turkana. Ukingo unaoonekana ni mstari ulionyooka wima. D na K zote huanza hivyo, na N pia. Nusu ya pili ya muhuri, yenye tarehe, inavuka ukingo wa chini wa stempu na kuendelea kwenye karatasi ya bahasha, pale ilipokatika.

Nimemwandikia asiiloweke stempu wala kuikata kufuata meno, hata kama mnunuzi atamwambia ikiwa safi inapendeza zaidi. Nimemwomba atafute vipande vingine vya bahasha hiyo katika boksi lilelile, na akivipata avilaze kando ya hiki na kupiga picha moja, rula ikiwa kando yake.