Elbo zimekuja na nyufa: barua ya kumwandikia msambazaji akubadilishie

Wengi tunaouza vifaa vya bomba kwa picha za Wasapu hatugusi mzigo sana. Katoni inatoka Dar, inashuka stendi, inakaa stoo, mteja wa Sikonge au Urambo akiagiza tunahesabu na kumtumia. Sasa siku fundi anakupigia anasema elbo zina nyufa, unamtafuta bosi wa jumla unaambulia jibu moja tu: "Zimevunjikia njiani hizo."

Jibu hilo ndilo barua yako inatakiwa ilizibe mapema. Msambazaji akishamkabidhi mzigo mtu wa basi au lori kama mlivyokubaliana, kwa kawaida mzigo unahesabika umeshafika mikononi mwako, na ajali ya njiani inakuwa ni yako na msafirishaji. Kama ufa ulitoka nao kiwandani, hapo ni wa kwake hata kama umeuona Itetemia. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, jua ufa wako ni wa aina gani.

Chukua elbo ya PVC uigeuze taratibu. Mahali fulani utaona kidoti kidogo kama kitovu. Hapo ndipo plastiki ya moto iliingilia kwenye kalibu. Ikishaingia inagawanyika, inazunguka lile tundu la katikati, halafu inakutana tena upande mwingine. Kama ilikuwa imeshapoa inapokutana, haishikani vizuri, na unabaki mstari dhaifu ambao baadaye unafunguka wenyewe. Ufa wa namna hii umenyooka, na dalili yake kubwa ni kwamba unakaa sehemu ile ile kwenye kila elbo. Panga kumi mezani, zote vitovu vimeangalia upande mmoja. Nyufa zikifuatana kama zimepigwa rula, hicho ni kiwanda.

Za njiani haziko hivyo. Zinapasuka ovyo, moja mdomoni, nyingine kwenye kona, nyingine imemeguka kipande kabisa, na mara nyingi ni zile za chini au za upande ambao katoni imebonyea. Aina ya tatu ni ya fundi: ufa unaanzia kwenye mdomo wenye nyuzi kwa sababu amekaza kupita kiasi au amezungushia tepu nyingi. Hiyo utaijua kwa mabaki ya tepu au gundi, na usiipeleke kwa msambazaji, atakuvunjia heshima.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Paka wino wa peni juu yake, futa na kitambaa. Wino ukibaki kama uzi, ufa upo.

Tuchukue mfano. Umepokea katoni 5 za elbo za PVC inchi 3/4, kila katoni elbo 60, bei ya jumla shilingi 700 moja. Katoni 4 ni safi. Ya tano ina namba ya toleo tofauti na wenzake, na ndani yake elbo 38 zina ufa sehemu ile ile. Zimebaki 22 zinazoonekana nzima. Je, udai 38 au 60?

Mimi nasema dai 60. Hizo 22 zimetoka kwenye kalibu na plastiki ile ile, na hakuna wa kukuhakikishia zitavumilia presha ya maji zikishafukiwa ukutani. Bomba likivuja ndani ya ukuta uliopigwa lipu na rangi, hasara siyo shilingi 700 tena, ni kubomoa, na jina litakalotajwa ni la duka lako. Halafu kuna la sheria. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi ana haki ya kukagua mzigo kwanza, ila akikaa nao muda mrefu bila kusema anaukataa, au akianza kuutumia kama wake, anahesabika ameupokea. Ukiziuza zile 22 wakati unadai, umejifungia mlango mwenyewe. Toa na tangazo lake kwenye stetasi siku hiyo hiyo.

Mpigie bosi kwanza kwa adabu, shikamoo kama ni mkubwa, umwambie barua inakuja. Simu inasahaulika, na ujumbe wa sauti hakuna anayeutafuta wiki mbili baadaye. Barua yenyewe iwe hivi:

*Duka la Vifaa vya Ujenzi,*
*Itetemia, Tabora.*
*6 Machi*

*Meneja Mauzo,*
*(jina la duka la jumla), Dar es Salaam.*

*YAH: ELBO ZA PVC INCHI 3/4 ZENYE NYUFA, KATONI 1, NA OMBI LA KUBADILISHIWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tarehe 4 Machi nilipokea kutoka kwenu katoni 5 za elbo za PVC inchi 3/4, jumla elbo 300, kwa risiti ya EFD namba (…). Nilikagua mzigo tarehe 5 Machi. Katoni 4 ziko sawa. Katoni yenye namba ya toleo (…) ina elbo 38 zenye ufa.*

*Ufa uko sehemu ile ile kwenye zote 38, upande wa pili wa kitovu cha kalibu. Katoni haikuwa imebonyea wala kufunguliwa. Elbo hazijafungwa popote, hazina gundi wala tepu. Naambatanisha picha.*

*Kwa kuwa zote 60 ni za toleo moja, sizipokei zote 60, zenye thamani ya shilingi 42,000, na nimezitenga. Naomba mnitumie katoni 1 ya toleo lingine kwa gharama yenu ya usafiri kabla ya tarehe 16 Machi. Kama hamna, naomba mnirudishie fedha hiyo.*

*Tafadhali nijulisheni kama mnataka kuzikagua au kuzichukua.*

*Wako katika biashara,*
*(jina, sahihi, simu)*

Angalia barua haijamwita mtu tapeli. Yeye naye kanunua kiwandani, na barua hii hii ndiyo ataipeleka kule kudai za kwake, kwa hiyo msaidie iwe safi. Picha nne zinatosha: katoni nzima kwa nje, lebo yenye namba ya toleo, zile kumi zilizopangwa mezani, na moja ya karibu yenye wino kwenye ufa.

Piga sahihi, itoe picha au ifanye PDF, itume kwenye Wasapu ambayo huwa mnaagizia mzigo. Maandishi ya kielektroniki yanatambulika, kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Usifute hayo mazungumzo hata simu ikijaa.

Akikwambia rudisha zote Dar kwanza, elewa kwamba mzigo ulioukataa sheria haikulazimishi kuurudisha, inatosha umemjulisha, labda kama mlikubaliana vingine. Njia nyepesi ni kumpa elbo 5 za mfano kwa basi, nauli aitume yeye, nyingine zibaki kwako hadi alipe au abadilishe. Kila moja ichore alama ya X kwa maka peni, na katoni uifunge, maana kijana wa dukani akikuta elbo stoo na mteja kasimama mlangoni, atauza.