Mtawanyiko Kabla ya Kanuni

Mwanafunzi aanzaye takwimu za elimu ya jamii hupewa kanuni ya mtawanyiko kabla hajajua swali linalojibiwa nayo. Tuchukue mfano wa mitaa miwili yenye nyumba tano tano. Katika mtaa wa kwanza idadi za watoto ni 4, 4, 5, 6, 6. Katika wa pili ni 1, 2, 5, 8, 9. Wastani wa kila mtaa ni 5.

Sasa nyumba moja ichaguliwe kwa kura, naye akisie kuwa ina watoto watano. Katika mtaa wa kwanza hawezi kukosea kwa zaidi ya mtoto mmoja. Katika wa pili atakosea hivyo katika nyumba nne kati ya tano. Hapo ameujua mtawanyiko, na uwezekano pamoja nao.

Akiyajumlisha makosa, yaliyozidi hufutana na yaliyopungua, jumla ikawa sifuri. Ndiyo sababu kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, kisha hutafutwa wastani: 0.8 na 10. Lakini kuzidisha huko huyakuza makosa makubwa. Nyumba moja ya watoto ishirini yatosha kuipandisha hesabu yote. Basi azitazame nyumba zenyewe kwanza.