Kufuta au kutunza: hesabu ya taarifa za wateja kwa duka la mtandaoni la Itumba

Tuchukue duka la kahawa ya kusaga lililoko Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Linapokea oda kupitia tovuti yake na kutuma vifurushi kwa basi hadi Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Siku moja mteja wa Tunduma aliyenunua Machi 2024 anapiga simu: "Naomba mnifute kwenye tovuti yenu, jina na namba yangu vyote." Mwenye duka anatakiwa kujua anaruhusiwa kufuta nini, na kazi hiyo itamgharimu kiasi gani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Inataka taarifa zinazomtambulisha mtu zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa lengo lililozifanya zikusanywe. Haitaji miezi mingapi, kwa hiyo muda huo mwenye duka anaupanga mwenyewe na lazima aweze kuutetea.

Upande wa pili iko Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, nayo inataka nyaraka za biashara zitunzwe miaka mitano tangu mwisho wa mwaka wa mapato zinaouhusu. Kwa anayefunga hesabu Desemba, oda ya Machi 2024 inahesabiwa tangu 31 Desemba 2024, na muda wake unaisha 31 Desemba 2029. Kwa mteja wetu wa Tunduma jibu ni hili: rekodi ya mauzo inabaki, lakini akaunti yake, maulizo aliyowahi kutuma na namba yake kwenye orodha ya matangazo vinafutika leo. Aelezwe hivyo waziwazi, kwa sababu mteja anayeambiwa "tumefuta" halafu akaletewa tangazo ndiye anayekwenda kulalamika Tume.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni kufuta kwa mkono. Hailipiwi programu yoyote, na kwa duka linalopata oda chache kwa mwezi inatosha. Gharama yake ni saa za kazi. Ulizo moja la bei huwa limekaa kwenye sanduku la barua pepe la duka, kwenye hifadhi ya tovuti, kwenye WhatsApp ya muuzaji na kwenye jedwali la Excel la mtu wa vifurushi. Nakadiria saa moja hadi mbili kwa ombi moja, na mahali panaposahaulika karibu kila mara ni simu ya muuzaji.

Ya pili ni WooCommerce juu ya WordPress, ambayo maduka mengi madogo tayari yanaitumia. Vifaa vya kufuta vimo ndani yake tangu Mei 2018 na havina malipo ya ziada. Ndani ya menyu ya WooCommerce, chini ya `Settings > Accounts & Privacy` kuna nafasi za kuandika muda wa kutunza akaunti zisizotumika, oda ambazo hazijalipwa, zilizoshindikana, zilizofutwa na zilizokamilika. Nafasi hizo huja zikiwa tupu, na zikibaki tupu hakuna kinachofutwa kamwe. Ukizijaza, oda zisizokamilika hutupwa kwenye pipa la taka, ambalo kwa kawaida WordPress hulimwaga baada ya siku 30. Zilizokamilika huondolewa jina, anwani na simu, kiasi cha fedha na bidhaa vikabaki.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Muda huo programu inauhesabu tangu siku ya oda, haiujui mwisho wa mwaka wa mapato. Ukiandika miaka mitano, oda yetu itapoteza jina Machi 2029, miezi tisa kabla ya muda wa kodi kwisha. Andika miaka sita. Hata oda ya tarehe 2 Januari itakuwa imevuka mpaka wake, na miaka sita ndiyo pia ukomo wa kufungua shauri la mkataba nchini kwetu, kwa hiyo mdaiwa hatafutika kabla hujamdai.

Ya tatu ni duka la kukodi kama Shopify. Unalipa kila mwezi, bei ikiwa kwa dola, na huna seva ya kutunza. Ukiagiza mteja afutwe, mfumo husubiri siku 10, na kama amenunua ndani ya miezi sita iliyopita, ufutaji husogezwa hadi miezi hiyo ipite. Ni kinga nzuri dhidi ya migogoro ya malipo, ila lazima mteja atajiwe tarehe ya kweli. Kwa maoni yangu, ada ya kila mwezi hailipiki kwa sababu ya kazi ya kufuta peke yake. Lipia kama unaihitaji kwa mengine.

Nirudi kwa WooCommerce, maana kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Kifaa chake cha `Tools > Erase Personal Data` humtafuta mtu kwa barua pepe, na hutuma ujumbe wa kuthibitisha kwenye anwani hiyo. Wateja wengi wa kwetu wanatoa namba ya simu tu. Muuzaji anayelazimika kujaza nafasi ya barua pepe huweka anwani moja ya uongo kwa wote. Siku atakapofuta kwa anwani hiyo, huku akiwa amewasha kisanduku cha kuondoa taarifa kwenye oda, atakuwa amefuta majina ya wateja wote walioandikwa hivyo. Ondoa ulazima wa barua pepe. Mtu akiomba kufutwa, tafuta namba yake ndani ya orodha ya oda, chagua zile ambazo muda wake umepita, kisha tumia kitendo `Remove personal data`, ambacho lazima kwanza ukiwashe kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio. Kuthibitisha kuwa ni yeye, mpigie kwa namba iliyoko kwenye oda. Usimwombe picha ya kitambulisho cha NIDA, kwani utakuwa umejiongezea taarifa nzito kuliko ile unayoifuta.

Kwa maulizo ya bei, njia nafuu iliyo bora ni kutoyahifadhi kwenye tovuti kabisa. Fomu ya Contact Form 7 yenyewe hutuma barua pepe tu. Huanza kuhifadhi pale fundi anapoongeza Flamingo. Muulize fundi wako kama aliiweka. Ulizo lisilozaa mauzo ndani ya miezi 12 halina sheria ya kodi inayolitetea. Nchini Ufaransa mamlaka ya taarifa binafsi inapendekeza miaka mitatu tangu mawasiliano ya mwisho kwa mtu ambaye bado si mteja, lakini kwa duka la kahawa naona ni mingi mno.

Usisahau nakala rudufu. Tovuti ikiharibika ukarudisha nakala ya wiki iliyopita, uliowafuta wanafufuka. Tunza daftari la namba za oda ulizofuta na tarehe, bila majina, na baada ya kurudisha nakala zifute tena. Rekodi za malipo zilizoko kwenye kampuni ya simu ziko nje ya uwezo wako, na mteja aambiwe hivyo.

Kama tayari una WooCommerce, baki nayo: maulizo miezi 12, oda zisizolipwa miezi mitatu, zilizokamilika miaka sita. Kama oda zako bado ni chache na zote ziko kwenye simu moja na daftari moja, fanya kwa mkono, na uandike muda huo huo ukutani ambapo muuzaji wako atauona.