Maneno ya Chini ya Picha ya Kitabu

Maelezo ya picha ya kitabu husikika kama majivuno pale yanapomzungumzia msomaji kuliko kitabu. Chini ya picha ya Kusadikika ya Shaaban Robert, “Cha tano mwezi huu, wengine wako kwenye simu tu” humsifu aliyeandika na kuwasuta wenzake. Udadisi huanza kwa kutaja jambo moja lililomo kitabuni, kisha kuuliza: “Karama ameshtakiwa, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe. Je, visa vya wengine vinaweza kumwokoa mshtakiwa?” Hata asiyekisoma anaweza kujibu. Swali ambalo mwulizaji tayari ana jibu lake hugeuka mtihani, na watu hunyamaza.